Kabla hujalipia themomita ya mtandaoni, tazama namba zake

Msomaji mmoja amenitumia picha ya themomita ya bunduki aliyouziwa kama ya homa. Mtoto anachemka, yeye akimpima inasoma 34.8. Nilipoikuza picha nikaona kitone chekundu cha leza, maandishi EMS 0.95, yaani kiwango cha uso wa kitu kutoa joto, na kwenye lebo ya ubavuni: -50 hadi 400°C. Hicho ni kifaa cha fundi wa majokofu na injini.

Haijaharibika. Inasoma joto la ngozi jinsi lilivyo, na ngozi ya paji la uso huwa baridi kuliko ndani ya mwili. Bunduki ya hospitali hupima ngozi hiyo hiyo, kisha hukadiria joto la mwili. Tena ya fundi inaweza kukosea hata digrii 2, na kwenye homa digrii 2 ni tofauti ya mtoto mzima na mgonjwa. Kwa hiyo usihangaike na rangi wala umbo. Tafuta kipimo cha chini na cha juu. Ya homa huanzia kama 32 na kuishia 42 na kidogo. Nyingi zina kitufe cha kuchagua Body, yaani mwili, au Surface, yaani uso wa kitu, nayo ikiachwa kwenye Surface itakudanganya vilevile.

Mimi nyumbani naweka ya kidijitali ya kijiti, na chaguo langu ni Omron, sifichi. Kwenye picha utaiona ina ncha ya chuma, kioo kidogo na kitufe kimoja. Unaiweka chini ya ulimi au kwapani, unasubiri ilie.

Ya pili ni ya sikio. Mdomo wake ni mfupi, umechongoka kama koni, na Braun huivalisha kifuniko cha plastiki kinachobadilishwa. Picha isiyoonyesha boksi la vifuniko, uliza, maana utavinunua kila mara. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 iache, tundu la sikio ni dogo mno.

Bunduki halisi ya homa naipa nafasi ya tatu. Ya zebaki usinunue: ni kioo kitupu chenye uzi wa fedha, bila betri, namba 35 hadi 42. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuzitengeneza. Zipo za kioo zinazofanana nazo zisizo na zebaki, ila lazima ziandikwe hivyo.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa “bei njoo inboksi”. Wanabandika picha ya mbele tu, mara nyingi ya kuokota mtandaoni, na ukiomba ya lebo ya nyuma wanakasirika. Mwambie akupige picha hiyo akiishika mkononi, namba zisomeke. Akikataa, pesa yako usiitume.