Uzoefu wangu na Premio mbili: NZT240 ya kila gereji na AZT240 inayomkunisha fundi kichwa

Ukiuliza kama Toyota Premio ni gari lenye spea za kumwaga, swali lako halijakamilika. Premio ya kizazi cha kwanza, ile ya 2001 hadi 2007, ilitoka na injini tatu ndani ya bodi moja: 1NZ-FE ya lita 1.5 kwenye chesisi ya NZT240, 1ZZ-FE ya lita 1.8 kwenye ZZT240, na 1AZ-FSE ya lita 2.0 kwenye AZT240. Nimeitumia ya kwanza na ya mwisho. Kwa nje zinafanana mno, lakini zikifika gereji ni magari mawili tofauti. Ya kwanza naipa alama zote kwa upande wa spea na mafundi. Ya pili ina nguvu zaidi na barabara kuu inaifurahia, ila ningemshauri aichukue mtu ambaye tayari ana fundi wake wa D-4, mfumo wa petroli wa injini hiyo, na si vinginevyo.

Sababu ya tofauti hiyo ni wingi wa injini, wala si wingi wa gari. 1NZ-FE imo kwenye Vitz, Ist, Probox, Raum, Porte, Sienta na Fielder, kwa kutaja chache. Kwa hiyo mwenye NZT240 hategemei Premio nyingine ianguke au ichinjwe ndipo apate plagi, koili, pampu ya maji au hata injini nzima ya mtumba. Anakula kwenye sahani moja na wenye Probox. Ndiyo maana hata Raum, ambayo huioni kila kona, haisumbui kwa injini: bodi yake ni adimu, moyo wake ni wa kila mtu. AZT240 imegeuza hesabu hiyo. Bodi yake imejaa mitaani, taa, bampa na milango unavipata, ila injini iliyo chini ya boneti ni ya mfumo ambao mafundi wengi hawaushiki mara kwa mara.

Herufi S kwenye 1AZ-FSE ndiyo inayobeba habari yote. Maana yake petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, wala si kwenye njia ya hewa kama ilivyo kwenye 1NZ-FE. Toyota waliuita mfumo huo D-4. Kwenye 1NZ-FE pampu iliyo ndani ya tenki inasukuma petroli kwa presha ya takriban baa 3, basi, imeisha. Kwenye D-4 kuna pampu ya pili juu ya injini, inayosukumwa na kamshafti, ambayo inaipandisha presha hadi zaidi ya baa 80. Noseli zake, mpira wake, mabomba yake na namna ya kupima vyote ni vingine.

Chukua tatizo moja ambalo magari yote mawili hulileta: injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, taa ya cheki injini inawaka, na mashine ya kupima inasoma kodi ya P0302, yaani silinda namba mbili haichomi vizuri.

Kwenye NZT240 kazi hii haichukui muda. Ondoa kava ya plastiki, fungua bolti moja ya spana namba kumi inayoshika koili ya silinda ya pili, ichomoe, uihamishie silinda ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Futa kodi, endesha kidogo, pima tena. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbaya, na namba ya koili hiyo, 90919-02240, wauza spea wengi wanaijua kwa kichwa. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa mtindo uleule, kisha nenda kwenye noseli. Fundi wa kawaida anaimaliza kazi bila kununua kitu cha kubahatisha, na hata akikosea, kosa lake halivunji kitu.

Kwenye AZT240 hatua ya kuhamisha koili ni ileile na inafaa ianze hiyo hiyo. Shida inaanza koili na plagi zikionekana nzima. Kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa, hakuna cha kuziosha, na masizi ya EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, pamoja na mvuke wa oili hujijenga kwenye manifoldi na kwenye migongo ya valvu hadi njia ya hewa inakuwa nyembamba. Dalili zake ni sailensa inayopanda na kushuka, gari kuzima ukikaribia kusimama, na uzito wa kuondoka injini ikiwa baridi. Dawa ni kuifungua manifoldi na kukwangua, si kumwaga kimiminika cha kusafishia kwenye tenki. Kimiminika hicho kinapita kwenye noseli na kuishia ndani ya silinda, kwa hiyo mgongo wa valvu hakiuoni kabisa. Fundi asiyeujua mfumo huu ataanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine, na kila sensa ni pesa yako.

Akifika kwenye noseli kuna mtego mwingine. Noseli ya D-4 inakaa ndani ya chemba ya moto na ina pete nyembamba ya kuziba mgandamizo. Ukiichomoa, pete hiyo haifai kurudishwa; inawekwa mpya, kisha inabanwa kwa kifaa chake hadi irudi kwenye kipimo ndipo noseli iingie. Fundi aliyezoea noseli za 1NZ-FE, ambazo oringi zake unaweka kwa kidole na tone la oili, atairudisha ileile ya zamani. Gari litawaka, mtaagana vizuri, halafu baada ya muda moto unaanza kuvuja pembeni ya noseli na kuila. Na kabla ya kugusa bomba lolote la juu, presha ishushwe kwanza. Baa 3 zitakulowesha shati, baa 80 zinapenya ngozi.

Kitu kinachoua AZT240 kimyakimya, hata hivyo, ni ile pampu ya juu yenyewe. Sili ya ndani ikichoka, petroli inapenya chini ya pampu, inaingia upande wa kamshafti na kushuka hadi kwenye sampo. Oili inakuwa nyepesi na beringi zinaanza kulika wakati dashibodi haikuambii chochote. Kuitambua hakuhitaji mashine. Lisimamishe gari mahali tambarare, liache usiku mzima, asubuhi chomoa dipstiki kabla ya kuwasha. Kiwango kikiwa juu ya alama ya kujaa ilhali hakuna aliyeongeza oili, na dipstiki ikanuka petroli, hiyo pampu haifai. Muuzaji mjanja atabadilisha oili siku moja kabla, kwa hiyo likague tena baada ya kuliendesha siku chache kama makubaliano yenu yanaruhusu. Pampu ya mtumba inaweza kuwa imechoka vilevile kama unayoitoa, na pampu mpya ndiyo spea itakayokufanya ujute kutochukua ya lita 1.5.

Wapo wanaokimbilia kung'oa 1AZ-FSE na kufunga injini ya kawaida. Inawezekana, lakini usidanganywe kwamba ni kazi ya bolti nne. Unahitaji waya zake, kontrol boksi yake, na mara nyingi gia boksi inayoelewana nayo. Ukikosa kimojawapo, utabaki na gari ambalo halifanani na mchoro wowote, na kila fundi mpya atalianza upya.

Kwa hiyo kabla ya kulipia gari lolote, lifungue boneti utafute bamba la chesisi kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Pale MODEL utaona NZT240 au AZT240 katikati ya herufi nyingine. Pale ENGINE utaona jina la injini. Na pale TRANS/AXLE ndipo palipo na gia boksi. Kwa Toyota za aina hii, jina la gia boksi likianza na U ni otomatiki ya kawaida yenye gia zake, likianza na K ni CVT yenye mkanda wa chuma. Andika pia FRAME NO., kwa kuwa ndiyo namba unayompa muuza spea. Kusema "pedi za mbele za Premio" hakutoshi, maana breki za injini kubwa usizidhanie ni zile za ndogo mpaka namba zilingane.

Ukishapata namba hiyo, ulizia spea nne kabla hujanunua: pedi za mbele, koili moja, taa ya mbele ya kushoto, na gia boksi ya mtumba. Nne hizo zinakuonyesha kinachochakaa, kinachoharibika ghafla, kinachovunjika ukigongwa na kinacholaza gari. Kisha, kama ni AZT240, muulize fundi wako swali moja: pampu ya presha ya juu kwenye gari hili iko wapi, na unaipimaje? Akikuonyesha tenki la mafuta, umepata jibu.

Kipimo hicho kinafaa hata kwa gari ambalo kweli ni adimu. Mazda Verisa, kwa mfano, inawatisha wengi kwa jina, lakini imejengwa juu ya Demio ya DY na injini yake ni ZY-VE ya lita 1.5 inayopatikana kwenye Demio hiyo. Vya kuchakaa utavipata ukiuliza vya Demio. Ila taa, vioo, fenda na bampa ni vyake peke yake, na hapo ndipo utasubiri. Binafsi naona ni uadimu unaovumilika kuliko ule wa AZT240: taa iliyopasuka haikulazi njiani.

Nisiisifie NZT240 kupita kiasi. Spea zinazouzika sana ndizo zinazoigizwa sana, na koili za 1NZ-FE ni mojawapo. Koili bandia huwasha gari vizuri likiwa baridi, kisha injini inaanza kumisi ikipata moto. Na mazoea ya fundi nayo yana sumu yake. Premio iliyofuata, NZT260 ya kuanzia 2007, ina 1NZ-FE ileile, kwa hiyo fundi anaifungua kwa kujiamini kabisa. Wakati gia boksi yake ni CVT. NZT240 ya otomatiki inatumia oili ya gia ya ATF T-IV. Akimimina hiyo kwenye CVT, mkanda unaanza kuteleza juu ya puli zake, unasikia mvumo unaopanda na mwendo, na vyuma vinavyokwanguka vinazunguka na oili gia boksi nzima. Siku ya kubadilisha oili ya gia, simama pale pale, usome mwenyewe maandishi ya galoni kabla haijafunguliwa.