Pampu ya mbali: waya mnene au volti 24?

Pampu ya wati 60 iko mita 30 kutoka betri ya volti 12. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 60. Waya wa shaba wa 2.5 mm² una ukinzani wa omu 0.42 hivi, ampea 5 zikipita, volti 2.1 hupotea njiani na wati 10.5 hugeuka joto.

Ukiweka waya wa 10 mm², upotevu hushuka hadi wati 2.6. Ukihamia betri na pampu ya volti 24, mkondo huwa ampea 2.5, na waya uleule mwembamba hupoteza wati 2.6 vilevile. Ningechagua volti 24: shaba ni robo tu. Waya mnene naukubali pale ambapo pampu ya volti 12 imeshanunuliwa.

Pima volti penye pampu ikiwa inazunguka. Ikizimwa kwa swichi iliyo penye pampu, mkondo haupiti, na kipima volti huonyesha volti zote za betri.