Alama ya akili au maisha ya kila siku: kipi kipime msaada?

Vijana wawili wa Mbagala wamepata 62 kwenye kipimo cha akili. Mmoja hupanda daladala peke yake hadi Kariakoo na kuhakiki chenji. Mwenzake hushuka kituo chochote konda akipaza sauti, na humtajia namba ya siri ya simu yeyote anayemwuliza.

Kwa alama wamelingana. Kwa maisha ya kila siku hawalingani hata kidogo, ndiyo maana tangu 2013 DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, hupanga ukali wa ulemavu wa akili kwa uwezo wa kuelewa, kuishi na watu na kujihudumia. Nami nauamini zaidi. Mama aulizwe mwanawe hufanya nini bila kukumbushwa, kisha kila shughuli ipimwe: msaada gani, mara ngapi, kwa muda gani? Huyu wa pili anahitaji msindikizaji kila safari. Wa kwanza, msaada wa kujaza fomu.