Chandarua cha "100D": muuzaji aliniambia D ni dawa, na mimi nikaamini

Jamani nimekasirika, wacha niseme tu. Nilinunua chandarua mtandaoni kwa dada mmoja wa Kariakoo, sio leo wala jana, mvua zilikuwa ndo zimeanza anza, nyumba imejaa mbu na mtoto ameshaanza kujikuna miguu mpaka inatoa damu. Simtaji jina. Mzigo ulifika siku ile ile, boda alikuwa mstaarabu kabisa, huyo sina tatizo naye. Tatizo langu ni picha.

Kabla ya kulipa niliomba anipigie picha ya lebo. Sio ya mfuko wa nje, ile lebo ya kitambaa iliyoshonewa pembeni ya chandarua chenyewe, maana mfuko mtu anaweza kuokota popote akaingiza chandarua kingine. Hapo nilijiona mjanja sana. Picha ikaja, kidole gumba chenye rangi nyekundu kimeshika lebo, juu ya kidole pameandikwa `180 x 190 x 150 cm`, chini yake `100% Polyester`, halafu `100D`, halafu kidole. Yaani kidole kimekaa pale pale sehemu ya chini, hakuna linalosomeka.

Nikamwandikia, dada, mbona sioni dawa, hiki kina dawa kweli? Akanijibu kwa sauti, nanukuu neno kwa neno: "We dada hujaona hiyo D? Mia D, mia ya dawa. Ukifungua nusa utaisikia."

Nikalipa. Na mimi nimesoma, sio kwamba sijasoma, ila ukiwa na haraka na mtu anaongea kwa kujiamini hivyo unajikuta umekubali.

Kilipofika nikanusa, kweli kina harufu, nikasema alhamdulillah. Usiku tukalala ndani, asubuhi mtoto ana vidonda vipya kwenye kiwiko na mimi begani. Nikashangaa, si dawa ingewaua hao mbu? Jioni wifi yangu kapita, yeye yuko zahanati na vyandarua vya kliniki ameshavigawa mpaka amechoka. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akacheka mpaka akakaa chini. Wifi, D ni denia! Ni unene wa uzi. Wanapima uzi wa mita 9,000, ukiwa na gramu 100 unaitwa denia 100. Ndo maana lebo za poliesta mara nyingi utakuta 75 au 100, na vile vya poliethilini, vile vigumu gumu ukishika, utakuta 150. Haihusiani na dawa hata kidogo. Chandarua cha dawa kinaweza kuwa 100D na kisicho na dawa kikawa 100D vile vile.

Akaniambia nilete kile chetu cha zamani, nilichopewa kliniki nikiwa na mimba, kimetoboka kiko stoo. Lebo yake imefifia, akawasha tochi ya simu akaiweka kwa ubavu, sio usoni, maandishi yakatokea. Hapo ndo nikaona tofauti kwa macho yangu. Kwenye kile cha zamani dawa ina jina lake na kipimo chake: `Deltamethrin 1.8 g/kg`. Jina na namba, kila kilo moja ya chandarua ina gramu 1.8 za dawa. Kingine unaweza kukuta permethrin au alpha-cypermethrin, na kipimo wakati mwingine wanaandika kwa mita ya mraba, `mg/m²`. Lakini jina lipo na namba ipo. Lebo ikikupa uzi na ukubwa tu, au ikasema maneno matamu ya kufukuza mbu bila jina la dawa, chukulia hakina dawa mpaka uonyeshwe.

Akanifundisha na lingine ambalo ningekosea tena. Ukiona `1.4 g/kg` usidhani wamepunja. Hiyo utaikuta kwenye poliesta ya denia 100, ambayo mita moja ya mraba ina kama gramu 40, sasa piga 40 mara 1.4 unapata 56. Ile ya denia 75 ni nyepesi, kama gramu 30, mara 1.8 unapata 54. Kwa hiyo dawa inayomgusa mbu karibu ni ile ile, miligramu 55 hivi kwa mita ya mraba, kitambaa tu ndo kinazidiana uzito. Mimi ningekataa cha 1.4 nikajiona nimepona.

Na ile harufu? Ni ya upya tu na mfuko wa plastiki. Hata shuka jipya lina harufu.

Sasa nikachukua changu kipya, nikasoma pale kidole kilipokuwa. Unajua kulikuwa na nini? Maelekezo ya kufua! Fua kwa maji ya vuguvugu, usipige pasi. Basi. Hakuna dawa hata ya kusingizia.

Ila nikitulia naona nisimbebeshe yeye yote. Ukubwa alisema kweli, nimepima kwa futi kamba, 180 kweli. Poliesta kweli, laini, mshono mzuri, sijaona tundu. Picha haikudanganya, ilinyamaza tu, na mimi ndo nikajaza. Hata vile vidonda, wifi kasema kosa lingine ni langu: kitanda changu ni 6 kwa 6, na futi 6 ni sentimita 183. Chandarua upana 180. Yaani kimepungua sentimita 3 hata kabla sijachomekea chochote, kwa hiyo kimetukaba ubavuni, kiwiko kikigusa wavu mbu anakaa nje anakula taratibu kupitia tundu. Chenye dawa angetua hapo akaona cha moto, kisicho na dawa kwake ni meza. Kwenye kitanda cha 4 kwa 6, sentimita 122, hiki hiki kingekaa vizuri kabisa, na hata godoro nene la inchi 8 kama langu lingebakiza urefu wa kutosha kuchomekea. Kwa hiyo ukisoma zile namba tatu, usiangalie 150 ukafurahi, hiyo ni kimo, angalia mbili za mwanzo uzilinganishe na godoro lako na zizidi, zisilingane.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nimpe nyota tatu. Chandarua sio kibaya, nimekihamishia kitanda cha dada wa kazi cha 4 kwa 6, na analala hajalalamika.

Halafu nikamwandikia kistaarabu kabisa, dada samahani, D sio dawa, usiwaambie watu hivyo, wengine wana watoto wachanga. Akanijibu: "We ulitaka kulala au ulitaka kusoma chandarua?"

Nyota moja! Na hiyo moja ni ya boda.

Juzi kaweka tangazo tena, picha ile ile, kidole kile kile chekundu, chini kaandika CHANDARUA CHA DAWA 100D. Nikamwomba atoe kidole apige tena. Kaniambia bei haipungui.