Uzoefu wangu: Wakala wa forodha Mombasa, mzigo wa Guangzhou hadi Lamu

Mzigo ni vifaa vya bafu, kartoni 40, kyubiki mita 3, kwa njia ya bahari. Wakala simtaji. Kazi ya bandarini aliifanya vizuri, ila bei yake ya mwanzo isingemfaa mtu wa kisiwani.

Kasoro ya kwanza ilikuwa kwenye VAT. Bidhaa dola 2,000, meli 300, bima 20, jumla dola 2,320. Kwa dola moja shilingi 130 hiyo ni 301,600, na hapo ndipo forodha huanzia, si kwenye bei ya kiwandani peke yake. Kwa HS code, yaani namba ya aina ya bidhaa, yenye ushuru wa asilimia 25, ushuru ni 75,400. VAT ya asilimia 16 hutozwa baada ya kuongeza ushuru huo, yaani juu ya 377,000, ikawa 60,320. Wakala aliikokotoa juu ya 301,600, akapunguza 12,064 kwenye karatasi. Bei ikapendeza, deni likaja baadaye. Ongeza ada ya tamko la uagizaji, IDF, asilimia 2.5, shilingi 7,540, na tozo ya reli, RDL, asilimia 2, shilingi 6,032, zote juu ya 301,600. Kodi zote ni 149,292.

Ndiyo maana mwambie wakala akutumie nakala ya entry, yaani tamko la forodha la mzigo wako, pamoja na PRN, namba ya kulipia kodi, ulipe KRA mwenyewe. Ukimpa pesa zote kwa mkupuo hutajua ipi kodi na ipi yake. Ada yake na gharama za bandari zilifika 38,000. Hizo muulize moja moja, hasa stoo, kwa sababu siku za bure zikiisha kabla karatasi hazijakamilika, hesabu hupanda kila siku.

Kasoro ya pili ndiyo inayotuuma sisi wa Lamu. Alipoandika "usafiri hadi Lamu", alimaanisha Mokowe, gati la bara kabla ya kuvuka kwenda kisiwani. Lori lilichukua 14,000 na kuishia gatini. Kutoka hapo kuna wachukuzi wa kupakia, boti, wachukuzi wa kushusha, kisha punda mpaka mlangoni: 11,500. Mtu wa Malindi hana habari na haya, kwani lori humfikia nyumbani.

Wachukuzi wengi huhesabu kwa kipande, basi kartoni ndogo 40 ni malipo 40. Mwambie muuzaji azifunge mbili mbili, lakini asitengeneze kreti kubwa. Kreti haipandi punda, na vichochoro vya Langoni havina huruma nayo.

Jumla, pamoja na bidhaa, meli na bima, ni 514,392, kama 12,860 kwa kartoni iliyonunuliwa 6,500. Wakala nampa nyota tatu kati ya tano. Nitamtumia tena, ila hesabu ya kodi nitaifanya mwenyewe kabla ya kulipa kiwandani, na kwenye makubaliano yaandikwe "Mokowe" au "mlangoni", si "Lamu".