Chupa tatu za alizeti, na lebo zinavyojisaliti

Haya, karibuni tena, sogeeni karibu na skrini maana leo tutasoma maandishi madogo. Mezani hapa nina chupa tatu. Zote zina picha ya ua la alizeti usoni, zote zinajiita mafuta ya alizeti. Majina nimeyabandikia karatasi, kwa sababu chupa moja haitoshi kumhukumu mtengenezaji. Tutaziita kwa vifuniko vyao: wa njano, mwekundu na wa kijani.

Kabla ya lebo, tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja ninaoulizwa kila wiki. Mafuta meupe, yasiyonukia, si lazima yawe yamechakachuliwa. Yamesafishwa tu. Kiwandani huondolewa utomvu, kisha tindikali huru huondolewa kwa soda kali, halafu yanapitishwa kwenye udongo maalumu unaonyonya rangi, na mwisho yanapigwa mvuke wa zaidi ya nyuzi 200 ndani ya mtungi usio na hewa ili harufu itoke. Ukimaliza hapo mbegu yoyote inafanana na mwenzake: alizeti, soya, mahindi, zote zimenyamaza. Na ndiyo maana uchakachuaji hujificha vizuri zaidi kwenye mafuta yaliyosafishwa. Pua yako haina kazi tena.

Mafuta yasiyosafishwa yanajitambulisha yenyewe. Tazameni, nadondosha tone la wa njano kiganjani, nasugua hivi... hakuna kitu. Sasa nadondosha mafuta niliyokamuliwa mbele yangu, haya ya kwenye kikombe. Sihitaji hata kusugua, harufu ya mbegu inanifikia hapa nilipo. Rangi ni ya dhahabu iliyokolea, na chini kuna mashapo. Mashapo hayo si uchafu wa kutisha, ila yakipata moto mkali yanaungua mapema na moshi unaanza haraka. Ya kukaangia kwa moto mkubwa, chukua yaliyosafishwa bila kuona haya.

Sasa lebo. Wa njano ameandika mbele "yaliyosafishwa", nyuma kwenye viambato kuna mafuta ya alizeti, vitamini A, na E319, ambayo ni dawa ya kuzuia mafuta yasichache. Hakuna tatizo, kila neno linakubaliana na jingine. Ameongeza "haina kolesteroli" kwa herufi kubwa, hilo lipuuzeni, mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika. Ni kama kuuza maji kwa kusema hayana mifupa.

Mwekundu ndiye aliyenichekesha. Mbele: "yamekamuliwa kwa baridi". Nyuma: mafuta ya alizeti, E319, na E160a. Hiyo ya mwisho ni karotini, yaani rangi. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu mafuta ya mimea kinasema mafuta ya kukamuliwa kwa baridi hupatikana kwa mashine tu bila joto, na hayaruhusiwi kuongezwa kiungio chochote. Kwa hiyo sentensi ya mbele na ya nyuma haziwezi kukaa nyumba moja. Nikisugua kiganjani hayanukii. Rangi ni ya dhahabu, lakini tayari wametuambia wenyewe imetoka wapi. Kwa maoni yangu haya ni mafuta yaliyosafishwa, yamevalishwa rangi ili yauzwe kwa bei ya yasiyosafishwa. Na kumbe neno "bikira" nalo lina mtego wake: kwa Codex hiyohiyo, bikira inaruhusu joto. Asiyetaka joto kabisa atafute maneno "kwa baridi".

Tuje kwa wa kijani, huyu ndiye sababu ya video hii. Mbele: "Mafuta ya Alizeti". Viambato: mafuta ya alizeti, basi. Safi kabisa. Lakini shukeni hadi kwenye jedwali la lishe. Kwa kijiko kimoja cha gramu 14, mafuta yaliyoshiba, yale ya aina inayoganda, ni gramu 5. Simameni hapo. Gawanya 5 kwa 14, zidisha kwa 100, unapata karibu gramu 36 kwa kila 100.

Alizeti ya kawaida ina kama gramu 11 kwa 100. Kijiko cha alizeti kilipaswa kusoma gramu moja na nusu hivi, si tano. Kwenye mafuta ya kupikia yaliyozoeleka, anayefika juu hivyo ni mawese. Sehemu ya mawese iliyo ya majimaji, ile inayochujwa ikawa angavu na kuuzwa kwenye chupa, ina kama 45. Sasa piga hesabu ya mchanganyiko: kutoka 11 hadi 36 ni hatua 25, na kutoka 11 hadi 45 ni hatua 34. Ishirini na tano katika thelathini na nne ni karibu robo tatu. Yaani, kama jedwali lao ni la kweli, chupa hii ni mawese iliyonyunyiziwa alizeti. Picha ya ua ilichorwa kwa ajili ya ile robo.

Nikaona nisiamini karatasi peke yake. Jana usiku nilimimina kila mafuta kwenye glasi nikaziweka kwenye friji, nyuzi 5. Hizi hapa. Wa njano: angavu, naona vidole vyangu upande wa pili. Mwekundu hivyohivyo. Wa kijani... nageuza glasi, hayamwagiki. Uji mzito mweupe.

Ila msiigeuze friji kuwa hakimu. Haya ya kikombe nayo yamepata ukungu mwembamba, na ni alizeti tupu, nimeona mbegu zikiingia. Ukungu huo ni nta ya maganda ya mbegu, ambayo kiwandani huondolewa. Ukungu na uji ni vitu viwili tofauti. Pia mtu akichanganya soya iliyosafishwa kwenye alizeti, friji haitasema lolote, na jedwali litasogea kidogo tu, maana soya ina kama 15. Hapo ni maabara, wapime aina za asidi za mafuta moja moja.

Na nisieleweke vibaya: mawese si sumu, tena kwa kukaanga yanavumilia vizuri kuliko alizeti. Ninachokasirikia ni kulipia jina lisilokuwemo. Yangeandikwa "mafuta ya mimea: mawese, alizeti", mawese yakitangulia kwa kuwa viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, ningenunua bila kinyongo.

Kabla sijazima kamera, wa kijani ana jingine. Chupa yake ina urefu sawa na ya wa njano, ya lita moja. Lakini yeye hakuandika lita, kaandika "gramu 800". Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920, kwa hiyo gramu 800 ni kama mililita 870. Nashusha kifuniko na ile lebo ndefu ya shingoni... mnaona mstari wa mafuta ulipoishia? Hapo chini kabisa ya mabega ya chupa. Lebo ilikuwa imefunika pengo lote.