Mto gani ununue ikiwa bega au shingo hukuamsha usiku

Kabla ya kuchagua mto, chagua ubavu. Bega la kulia likiuma, lalia ubavu wa kushoto na ukumbatie mto wa pili, mkono wa kulia ukae juu yake. Bila mto huo mkono huangukia mbele ya kifua na kulivuta bega usiku kucha, ndiyo maana wengine hulalia upande mzima na bado huamka wakiugulia. Kulala kifudifudi kuache: shingo hukaa imepinda kwa saa nyingi, na hakuna mto wa kuitibu hali hiyo.

Sasa pima kimo. Simama bega likigusa ukuta, kichwa wima, mtu akupimie kutoka ukutani hadi sikioni. Tuseme ni sentimita 13. Kama bega huzama sentimita 3 kwenye godoro lako, unahitaji mto wa sentimita 10 ukiwa umelaliwa. Lebo hutaja kimo cha mto usiolaliwa, kwa hiyo usiiamini. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Weka mzigo wa uzito huo katikati ya mto, subiri dakika kumi, ndipo upime.

Chaguo la kwanza ni mto wa vipande vya sponji wenye zipu, kwa kuwa unapunguza au kuongeza vipande hadi ufike sentimita zako. Ukikosea dukani, unarekebisha nyumbani.

Wa pili ni mto wa mpira asilia. Haubonyei ovyo na hukaa na kimo chake hadi asubuhi, ila ni mzito na haupunguziki.

Wa tatu ni ule wa sponji laini inayojifinyanga kwa joto la mwili, hasa wenye kingo mbili za vimo tofauti. Hushika joto, na kwenye chumba cha baridi huwa mgumu mwanzoni.

Pamba na sufi hufuata: ni nzuri zikiwa mpya, kisha hushikamana mabonge. Wa mwisho ni mto wa nyuzi za plastiki, ule uliovimba vizuri dukani. Unalala saa nne ukiwa juu, saa tisa usiku umeshabonyea, shingo imeinama, nawe uko macho.

Ukishaununua, piga picha ya mgongo wako ukiwa umelala. Kichwa kikiinamia godoro, mto ni mfupi. Taulo lililokunjwa ndani ya foronya litaongeza sentimita moja au mbili. Kikiinuka kuelekea dari, punguza vipande.

Ganzi au udhaifu wa mkono, homa, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka ni mambo ya daktari, si ya mto. Maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua ni ya dharura: nenda hospitali usiku huohuo.